Nusu ya Kidonge: Nilivyojifunza Kusoma R na S Kwenye Dawa ya Kichocho

Kidonge cha kichocho wanachopewa watoto wa shule huku kanda ya ziwa kina miligramu 600 za prazikwanteli. Katika hizo, kazi ya kushambulia minyoo inafanywa na takriban miligramu 300. Zile 300 nyingine zina atomu zilezile, kwa idadi ileile, zimeungana kwa mpangilio uleule, lakini mnyoo karibu hazimgusi. Na kwenye uchungu unaowafanya watoto wakunje uso, hizo zisizofanya kazi ndizo zinazochangia zaidi.

Niliwahi kugawa dawa hiyo kabla sijaanza kufundisha kemia ogani. Siku ya kampeni unasimamisha ile fimbo ya kupimia urefu, mtoto anasogea, unasoma alama iliyo juu ya kichwa chake, na alama hiyo inakwambia idadi ya vidonge. Hesabu iliyo nyuma ya fimbo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 15 anapata kidonge kimoja, mtu mzima wa kilo 60 anapata vinne. Vidonge ni vikubwa. Kwa mdogo kabisa kinabidi kivunjwe au kisagwe, na kikishasagwa uchungu unasambaa mdomo mzima. Nakumbuka mama mmoja aliyemleta mtoto wake wa miaka kama mitatu hivi, akamshika kidevu, tukamnywesha kwa kijiko. Mtoto akatema yote juu ya kanga ya mama yake. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa hawawezi kuitoa huo uchungu?" Nilimjibu kwamba uchungu ndiyo dawa yenyewe ilivyo. Jibu hilo ndilo tulilofundishwa, na wengi bado wanalitoa.

Jibu kamili nililipata baadaye, nilipoanza kuandaa somo la stereoisoma, yaani molekuli zenye atomu na miunganiko ileile lakini zinazotofautiana kwa namna zilivyopangwa angani, na kutafuta mfano ambao wanafunzi wangu wangeujua kwa ulimi wao wenyewe.

Tuanze na umbo. Kaboni ikiwa na vifungo vinne vya kawaida, vifungo hivyo havilali bapa kama vinavyoonekana kwenye karatasi. Vinaelekea pande nne za anga, kwenye pembe za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Sasa kama vitu vinne vilivyoshikwa na kaboni hiyo vyote ni tofauti, kuna namna mbili tu za kuvipanga, na namna moja ni taswira ya kioo ya nyingine. Huwezi kuigeuza moja ikawa nyingine kwa kuizungusha, kama ambavyo kandambili ya kushoto haigeuki kuwa ya kulia hata uilaze chali. Kaboni ya namna hiyo tunaiita kituo kairali, na zile molekuli mbili zinazotazamana kiooni tunaziita enantioma. Wazo hili la kaboni yenye piramidi lilitolewa mwaka 1874 na vijana wawili, kila mmoja peke yake: van 't Hoff, Mholanzi, na Le Bel, Mfaransa. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameiona molekuli, na wazee wengine wa kemia waliwabeza.

Prazikwanteli ni mfano mzuri wa kufundishia kwa sababu ina kituo kairali kimoja tu. Ukiichora unaona pete nne. Moja ni ya benzini. Inayofuata imegandamana nayo, ya tatu imegandamana na hiyo ya pili, na ya nne, ya saikloheksani, inaning'inia pembeni ikiwa imeshikiliwa na kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa vifungo viwili. Kituo kairali kipo pale pete ya pili na ya tatu zinapokutana. Wenye vitabu wanakiita kaboni namba 11b.

Kila mwaka ninawaambia wanafunzi waanze kwa kuitafuta kaboni hiyo wenyewe. Nawataka wapite kila kaboni ya molekuli na kuuliza swali moja: je, imeshika vitu vinne tofauti? Kaboni za pete ya benzini hazifai, kwa kuwa zina majirani watatu tu na zimelala bapa. Kaboni zenye haidrojeni mbili hazifai, kwa kuwa vitu viwili kati ya vinne ni sawa. Ile kaboni ya saikloheksani iliyoshika kabonili inawasumbua kidogo. Ina haidrojeni, ina kabonili, kisha ina mikono miwili ya pete. Lakini ukiufuata mkono wa kulia na ukiufuata wa kushoto unakutana na vitu vilevile kwa mpangilio uleule mpaka mikono inapokutana. Kwa hiyo ni mikono inayofanana, na kaboni hiyo si kairali. Inabaki 11b peke yake: imeshika haidrojeni, naitrojeni ya amaidi iliyo kwenye makutano yaleyale ya pete, kaboni ya pete ya benzini, na kaboni ya CH2 ambayo upande wake wa pili imeshika ile naitrojeni nyingine, inayobeba kabonili yenye saikloheksani.

Hapo ndipo kanuni za vipaumbele zinapoingia. Ziliwekwa na Cahn, Ingold na Prelog, na makala yao kubwa ilitoka mwaka 1966. Lengo lao lilikuwa kumwezesha mtu aliye Nairobi na mwingine aliye Zuriki kutaja molekuli ileile bila kutumiana mchoro. Unavipa vitu vinne vilivyo kwenye kituo vyeo, kuanzia cha kwanza hadi cha nne. Kisha unaitazama molekuli ukiwa upande ulio mbali na kitu cha nne, yaani cha nne kikielekea nyuma, mbali nawe. Kutoka cha kwanza kwenda cha pili kwenda cha tatu, ukizunguka kwa kufuata mishale ya saa, herufi ni R. Ukizunguka kinyume, herufi ni S.

Cheo cha kwanza kinatafutwa kwa namba atomia ya atomu inayogusa kituo moja kwa moja. Kwenye prazikwanteli naitrojeni ina namba 7, kaboni mbili zina 6 kila moja, haidrojeni ina 1. Kwa hiyo naitrojeni ni ya kwanza na haidrojeni ni ya nne, hakuna ubishi. Ubishi unabaki kati ya kaboni mbili: ile ya benzini na ile ya CH2.

Hapa darasa huwa linagawanyika, na kila mwaka wengi wanaangukia upande ulio na kosa. Wanasema kaboni ya benzini ndiyo ya pili, kwa kuwa pete ni kubwa, ni nzito, ina kaboni nyingi. Kanuni haiangalii ukubwa wala uzito wa kundi. Inasema: mkifungana kwenye atomu ya kwanza, sogeeni hatua moja, kila mmoja aorodheshe atomu zinazoshikwa na kaboni yake, tukiacha ile njia ya kurudi kituoni. Orodha ipangwe kuanzia namba kubwa. Kisha linganisheni cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili, na mara tu tofauti inapotokea, mmesimama hapo. Mshindi amepatikana.

Tuorodheshe. Kaboni ya CH2 imeshika naitrojeni moja na haidrojeni mbili, kwa hiyo orodha yake ni (N, H, H). Kaboni ya benzini ina majirani wawili wa kaboni ndani ya pete, na kwa kuwa mojawapo limeshikwa kwa kifungo cha pili, kanuni inataka kifungo hicho cha ziada kihesabiwe kwa kuweka kaboni ya nakala. Orodha yake inakuwa (C, C, C). Sasa linganisha nafasi ya kwanza: N dhidi ya C. Saba inaizidi sita. CH2 imeshinda, na hatuendelei tena. Hizo haidrojeni mbili zinazofuata hazina nguvu ya kuiangusha, hata kama upande wa pili una kaboni tatu kamili.

Wanafunzi wanaokosea hapa wanakuwa wamejumlisha. Sita mara tatu ni kumi na nane, saba jumlisha moja jumlisha moja ni tisa, kwa hiyo benzini imeshinda. Hesabu imekaa vizuri, lakini si hesabu inayotakiwa. Wanaoelewa haraka ni wale ninaowaambia wafikirie namna maneno yanavyopangwa kwenye kamusi: neno linaloanza na herufi ya mbele linatangulia, bila kujali herufi zinazofuata ni zipi wala ni ngapi.

Vyeo vyetu basi ni hivi: naitrojeni ya amaidi, CH2, benzini, haidrojeni.

Sasa chora kituo katikati ya karatasi. Weka benzini upande wa kushoto, CH2 juu kulia, naitrojeni chini kulia. Haidrojeni ichore kwa kabari nyeusi, kumaanisha inakuja kwako. Fuata vyeo kwa kidole: anza chini kulia, panda hadi juu kulia, kisha pita juu kwenda kushoto. Kidole kimezunguka kinyume cha mishale ya saa. Lakini haidrojeni inakutazama wewe, na kanuni inaitaka iwe nyuma. Ungehamia upande wa pili wa karatasi ungeona mzunguko uleule ukifuata mishale ya saa. Kwa hiyo herufi ni R. Hiyo ndiyo enantioma inayoshambulia mnyoo. Ukichora molekuli hiyohiyo, haidrojeni ukaiweka kwa mstari wa vipande, yaani inaelekea nyuma, utapata S, ile nusu nyingine ya kidonge.

Kitu nilichokigundua nikisahihisha majaribio kilinishtua. Mwanafunzi anayempa benzini cheo cha pili atapita hivi: chini kulia, kushoto, juu kulia. Huo ni mzunguko wa kufuata mishale ya saa. Kama akikumbuka kugeuza kwa sababu ya haidrojeni iliyo mbele, atapata S, nami nitaona kosa lake mara moja. Lakini kama akisahau pia kugeuza, ataandika R. Jibu sahihi, kwa makosa mawili yaliyofutana. Nilikuwa na karatasi za namna hiyo mezani, zenye alama ya vyema, za wanafunzi ambao kwenye swali lililofuata walipotea kabisa. Tangu hapo sitoi alama kwa herufi tupu. Nataka nione vyeo vinne vimeandikwa pembeni ya mchoro, orodha zile mbili za mabano, na mshale wa mzunguko. Herufi ina uwezekano wa nusu kwa nusu hata kwa anayebahatisha. Njia haibahatishwi.

Kwa wanaoshindwa kuona upande wa pili wa karatasi, tunatumia udongo wa kufinyanga na njiti. Bonge moja katikati, njiti nne, na shanga za rangi nne kwenye ncha. Tunakubaliana kwamba shanga nyeupe ni haidrojeni. Mwanafunzi anashika modeli kwa njiti ya shanga nyeupe kama anayeshika mpini wa mwavuli, shanga tatu zikimtazama, kisha anasoma mzunguko. Akishashika hivyo haidrojeni iko mbali naye, kwa lazima. Kuna binti mmoja, mwepesi sana wa kuuliza, ambaye alitengeneza modeli mbili za kioo na jirani yake, kisha akang'oa shanga mbili kwenye ya kwake na kuzibadilishana nafasi. Modeli yake ikawa sawa kabisa na ya jirani. "Mwalimu," akasema, "kwa hiyo ukibadilisha viwili vyovyote, herufi inageuka?" Ndivyo. Na ukibadilisha mara mbili inarudi ilipokuwa. Siku hizi hiyo ndiyo njia ninayowafundisha kwa michoro ambayo haidrojeni haiko mbele wala nyuma, bali imelala kwenye karatasi: badilisha haidrojeni na kile kilichochorwa kwa mstari wa vipande, soma herufi, kisha igeuze.

Wanaotumia programu za kuchora molekuli huniambia kompyuta inawapa herufi bila shida hiyo yote. Ni kweli, ilimradi mchoro wenyewe uwe sahihi. Prazikwanteli ya R kwa maandishi ya kompyuta unaweza kuiandika hivi:

```
C1CCC(CC1)C(=O)N2C[C@H]3C4=CC=CC=C4CCN3C(=O)C2
```

Alama ya @ hapo haimaanishi R. Inasema tu kwamba ukitazama kutokea kwenye atomu iliyotangulia, zinazofuata zinapita kinyume cha mishale ya saa kwa mpangilio zilivyoandikwa. Ukianza kuiandika molekuli hiyohiyo kutoka ncha nyingine, alama inaweza kugeuka kuwa @@ na molekuli ikabaki R. Nimeona watu wakinakili mstari kama huu, wakageuza mpangilio wa makundi ili upendeze, wakaacha @ palepale. Wakawa wameandika ile nusu chungu.

Turudi kwa mnyoo. Kwa nini mnyoo aijali tofauti ambayo hata mizani haiioni? Kwa sababu mnyoo naye ameundwa kwa protini, na protini zimejengwa kwa asidi za amino ambazo karibu zote ni za upande mmoja. Kwenye utando wa seli za mnyoo wa kichocho kuna mlango unaopitisha ayoni, wa jamii ya milango iitwayo TRPM, ambao prazikwanteli inaufungua. Kalsiamu inamiminika ndani, misuli ya mnyoo inakaza, naye anaachia ukuta wa mshipa wa damu aliokuwa ameung'ang'ania. Tundu la protini ambamo dawa inakaa lina upande wake, na molekuli ya R inaingia vizuri kuliko S. Mbele ya kitu kisicho kairali, kama maji au mizani au kipimajoto, enantioma mbili ni sawa kabisa. Mbele ya kitu kairali zinakuwa vitu viwili tofauti. Na ulimi wa mtoto nao ni kitu kairali, kwa sababu vipokezi vya ladha ni protini vilevile. Ndiyo maana S inauma ulimi zaidi.

Mwanga uliopolarishwa, yaani ule unaotikisika katika bapa moja tu, nao unazitofautisha. Ukiyeyusha R safi kwenye ethanoli na kuipitishia mwanga huo kwenye polarimita, inaupinda kwenda kushoto, na mzunguko wake mahususi ni mkubwa, zaidi ya digrii 130. S safi inaupinda kwenda kulia kwa kiasi kilekile. Sasa saga kidonge cha kawaida, kiyeyushe, chuja unga usioyeyuka, pima. Sindano inabaki kwenye sifuri. Nusu mbili zimefutana. Mchanganyiko wa namna hii unaitwa rasemati. Nawaonya wanafunzi wasiisome sifuri hiyo haraka, maana maji nayo yanatoa sifuri. Sifuri peke yake haikwambii kama una rasemati au una kitu kisicho na ukairali kabisa. Ili kujua, inabidi uzitenganishe.

Na hapa wanafunzi wanachanganya jambo lingine: wanadhani R maana yake ni kwamba molekuli inaupinda mwanga kulia. Prazikwanteli ya R inaupinda mwanga kushoto. Herufi inatokana na vyeo tulivyopanga sisi kwenye karatasi. Upande wa mwanga unatoka kwenye chombo. Hakuna kanuni inayokuruhusu kukisia kimoja kutoka kwa kingine. Kwa miaka mingi wanakemia walijua upande wa mwanga tu, bila kujua mpangilio halisi wa atomu, hadi mwaka 1951 Bijvoet na wenzake huko Uholanzi walipoupima kwa eksirei kwenye fuwele za chumvi ya asidi ya tatariki.

Asidi hiyo ya tatariki ndiyo inayotuleta kwenye jibu la yule mama. Uchungu unaweza kupunguzwa, ukiweza kuiondoa S. Tatizo ni kwamba enantioma mbili zinayeyuka sawa na zinaganda sawa, kwa hiyo huwezi kuzichuja. Ujanja, ambao Pasteur aliuona karne ya 19, ni kuziunganisha na kitu kingine kairali cha upande mmoja tu. Kiite X. Sasa una jozi mbili: R pamoja na X, na S pamoja na X. Jozi hizi si taswira za kioo za mwenzake tena, kwa sababu ili ziwe hivyo X ingelazimika kugeuka pia, nayo haikugeuka. Stereoisoma za namna hii, zisizo za kioo, tunaziita diastereoma, na diastereoma zinatofautiana hata kwa vitu vya kawaida kama kuyeyuka. Moja inaganda, nyingine inabaki kwenye kimiminika.

Kundi lililoongozwa na Matthew Todd, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Sidni, lilifanya hivyo na kuuchapisha utaratibu wake mwaka 2011. Kinachonifurahisha ni kwamba waliifanya kazi kwa uwazi, matokeo ya maabara yakiwekwa mtandaoni hatua kwa hatua, na wataalamu wa nje wakiwaelekeza. Kwanza waliing'oa ile kabonili yenye saikloheksani, ikabaki amini, maana prazikwanteli yenyewe haina pa kushikana na asidi. Kisha waliipa amini hiyo asidi inayotokana na tatariki, ya upande mmoja. Chumvi ya moja iliganda kama fuwele, wakaichuja, wakairudisha kuwa amini, kisha wakaipachika tena saikloheksani yake. Kituo kairali hakiguswi katika safari yote hiyo, na ukikipa vyeo upya kwenye amini utaona mpangilio wa vyeo haujabadilika, kwa hiyo R inaingia R na kutoka R. Gharama yake haijifichi: nusu ya ulichoanza nacho kinabaki upande wa S, na usipotafuta njia ya kukirudisha kwenye mzunguko umekitupa.

Dawa yenye R peke yake sasa ipo. Inaitwa aprazikwanteli, ni vidonge vidogo vya miligramu 150 vinavyoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Majaribio yake ya mwisho yalifanyika Kenya na Kodivaa, na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali. Bado si sukari, ila mtoto anaimeza.

Swali ninalolipenda zaidi kwenye mtihani wangu ni hili. Chukua prazikwanteli ya R, usiguse kitu chochote angani, isipokuwa ile naitrojeni iliyoshikwa na CH2: iondoe, weka kaboni mahali pake. Herufi ya kituo ni ipi? Wengi wanaandika R palepale, kwa sababu hakuna kilichohama. Yule binti wa shanga aliandika orodha zake mbili pembeni. CH2 sasa ina (C, H, H). Benzini ina (C, C, C). Nafasi ya kwanza, sare. Nafasi ya pili, kaboni dhidi ya haidrojeni, benzini imeshinda. Vyeo viwili vimebadilishana. Akazungusha mshale upya, akageuza kwa ajili ya haidrojeni iliyo kwenye kabari, akaandika S, na chini yake akaongeza sentensi ambayo sikuwa nimeiomba: "Umbo ni lilelile, Mwalimu, kilichobadilika ni jina. Kwa hiyo kwa dawa hii mpya herufi pekee hainiambii kama mnyoo atakufa."